Kiuzi kile kile cha ulimi, watoto wawili

Siku ya nane baada ya kujifungua nilikuwa nimeanza kumwogopa mtoto wangu. Akianza tu kuhangaika na kuweka ngumi mdomoni, vidole vyangu vya miguu vilijikunja kabla hata sijamwinua. Usiku niliuma pindo la leso ili mama mkwe aliyelala chumba cha pili asinisikie. Na huyu hakuwa wa kwanza. Kaka yake alinyonya mwaka mmoja na miezi nane bila kunisumbua hata siku moja, kwa hiyo uzazi huu niliuingia nikijiona fundi.

Tunakaa Mamboleo, Kisumu, na nina meza ya nguo za mitumba Kibuye. Kitu kimoja ambacho mitumba imenifundisha ni kuandika. Kila kinachoingia na kutoka nakiandika kwenye daftari, na daftari hilo hilo ndilo lililokuja kunisaidia.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.2. Siku ya tatu alikuwa na 2.95, na sista aliyempima aliniambia nisishtuke: mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, mradi upungufu usikaribie sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na akifika wiki mbili awe amerudi pale alipoanzia. Nikaandika. Siku ya nane nikampeleka kwenye kituo kimoja karibu na nyumbani, mzani ukasoma 2.9. Mhudumu wa pale aliangalia mzani, akaniangalia usoni, akasema, "Mama, maziwa yako ni mepesi. Anza kumwongezea ya kopo." Hakuomba kuniona nikinyonyesha. Mdomo wa mtoto hakuufungua. Nilitoka nikilia mpaka boda wa kwenye kona akaniuliza kama nimefiwa.

Jambo lililonikera, na lililonifanya nisiende dukani moja kwa moja, ni kwamba maziwa yalikuwepo. Asubuhi matiti yalikuwa magumu kama mawe, na baada ya kumnyonyesha saa nzima yalikuwa bado mazito vile vile. Mtoto alikuwa anafanya kazi, jasho linamtoka kwenye paji la uso, halafu analala titi likiwa mdomoni. Baada ya dakika 20 anaamka na njaa. Kama maziwa yapo na mtoto ananyonya kutwa lakini haongezeki, basi kuna mahali kati ya titi na tumbo ambapo kitu hakiendi sawa.

Usiku huo nilianza kutazama. Kwanza chuchu. Mtoto akiachia titi, chuchu inapaswa kutoka ikiwa ya mviringo, imerefuka kidogo tu. Yangu ilitoka imebanwa upande mmoja, imechongoka mshazari kama rangi ya mdomo mpya ambayo haijatumika, na ncha yake ina mstari mweupe pale damu ilipokatika. Kwenye mstari huo ndipo palipopasuka. Pili, sauti. Mtoto anayenyonya vizuri unamsikia akimeza, pumzi laini baada ya kila mfyonzo au miwili. Wangu alikuwa akitoa mlio wa "tk, tk", kama mtu anayesikitika kwa ulimi. Tatu, nepi. Kufikia siku ya tano mtoto anapaswa kulowesha angalau nepi sita kwa siku, na choo kiwe kimegeuka cha manjano. Daftari langu la siku ya nane lilisema nepi tatu, na choo kilikuwa bado cha kijani kizito.

Sasa mama mkwe. Ni mtu mwema, na nyumba yangu imesimama kwa sababu yake. Asubuhi alimkuta mtoto analia, akamwangalia mdomoni ulimi ukiwa umeinuka, akaona kiuzi cheupe kimeushika chini. "Nyar Kakamega," akaniita, ndivyo anavyoniita tangu niolewe, "mtoto huyu ulimi wake umefungwa." Alikuwa sahihi kabla ya mhudumu yeyote. Lakini jirani aliyekuwa ameleta uji akadakia kuwa hicho ni kimeo, na kuna mzee anayekata vimeo vya watoto, dakika moja tu, na siku hiyo hiyo mtoto ananyonya.

Hapa nitakaa kidogo, maana mambo haya mawili huchanganywa sana kwetu. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa, kwenye koo. Kila mtu anacho, na hakihusiani kabisa na jinsi mtoto anavyoshika titi. Wanaokikata hutumia wembe au chuma kilichopinda, mara nyingi kisichochemshwa, wakimkata mtoto mahali ambapo akitoka damu huwezi hata kupaona vizuri ili upabane. Watoto wamekufa kwa damu na kwa maambukizi. Hali ni hiyo hiyo kwa wale wanaochimba ufizi wakidai wanatoa meno ya plastiki. Wanachong'oa ni chipukizi za meno halisi ya mtoto. Kiuzi cha ulimi ni kitu kingine. Kiko mbele, chini ya ulimi, na kila binadamu anacho: inua ulimi mbele ya kioo utakiona chako. Tofauti ni urefu wake, unene wake, na kimejishika wapi. Nilimshukuru jirani kwa uji, nikamwambia mama mkwe naenda mjini.

Sista niliyempata, katika hospitali moja ya mjini ambayo ina siku maalumu ya akina mama wenye shida ya kunyonyesha, alinishangaza. Nilimwambia mara tu nilipoketi: mtoto wangu amefungwa ulimi, nataka akatwe. Akasema, "Sawa mama. Hebu mnyonyeshe kwanza nikuone." Hakugusa mdomo wa mtoto kwa karibu dakika 20.

Aliona nilivyokuwa nikifanya. Kwa sababu ya maumivu nilikuwa najikunja mbele, namletea mtoto chuchu katikati ya mdomo kama mtu anayelisha kwa kijiko. Akaniegemeza nyuma, akaweka leso mbili chini ya kiwiko changu, akamlaza mtoto tumbo kwa tumbo nami, pua yake ikitazama chuchu, siyo mdomo. Kidevu kiguse titi kwanza. Subiri. Subiri mpaka afungue mdomo kama anayepiga miayo, ndipo umvute kwako kwa mabega, usimsukume kichwa. Tulijaribu mara nne. Maumivu yalipungua, yakatoka kwenye ya kuuma leso mpaka ya kukunja uso tu. Lakini "tk, tk" ikabaki, na chuchu ikatoka bado imechongoka.

Ndipo akanawa, akavaa glavu, na kupitisha kidole kidogo chini ya ulimi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akasema anahisi kitu kama uzi wa gita. Mtoto alipolia, ulimi haukupanda hata nusu ya mdomo, na ncha yake iliingia ndani katikati ukawa na umbo la kopa la karata. Akagusa ufizi wa chini kwa mbele. Mtoto mwingine angetoa ulimi kufuata kidole, wangu ulisimama nyuma ya ufizi ukatetemeka. Mwisho akampa kidole akinyonye. "Ananitafuna," akasema. "Hanyonyi."

Alinieleza kwa kutumia mkono wake. Mtoto akinyonya, ulimi hutoka nje ya ufizi wa chini na kuufunika, kisha hujikunja pembeni kama kiganja kinachoteka maji na kushika titi kutoka chini. Halafu sehemu ya nyuma ya ulimi hushuka, nafasi iliyo mdomoni hupanuka, na maziwa huvutwa. Ulimi ulioshikwa mbele haufiki nje, kwa hiyo ufizi hubaki wazi ukaiuma chuchu. Na kila ulimi unapojaribu kushuka, mshiko unaachia: hiyo ndiyo "tk". Hewa inaingia, maziwa hayaji ya kutosha, mtoto anachoka. Maelezo hayo ya dakika mbili yalinitoa hatia yote kuhusu maziwa mepesi.

Hata hivyo, hakunituma kukata siku hiyo. Alinipa siku chache za mshiko mpya, akitaka kuona kama utatosha. Na alinipa kazi ambayo naona ndiyo iliyomwokoa mtoto zaidi ya mkasi. Kila baada ya kunyonyesha nikamue kwa mkono, mara nane kwa siku, na mtoto apewe maziwa hayo kwa kikombe kidogo. Siyo kumiminiwa mdomoni: unamketisha wima, unagusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, unaacha maziwa yafike kwenye ukingo, na yeye mwenyewe anayalamba. Nilianza na kama mililita 30 kila mara. Sababu yake ni mbili. Mtoto asiendelee kufa njaa wakati watu wazima wanajadili ulimi wake. Na titi, kama halitolewi maziwa, hupunguza kuyatengeneza. Mama wengi hukatiwa mtoto wiki ya nne au ya tano, ulimi ukawa huru, lakini maziwa tayari yamekwisha.

Siku ya 14: kilo 3.0. Alikuwa ameongeza kwa kikombe, lakini hajafika 3.2, na kwenye titi peke yake bado alikuwa hatoki na kitu. Chuchu ya kushoto ilikuwa na kidonda wazi. Sasa sista akaandika barua kwa daktari.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye maswali ambayo mwanzoni sikuyaelewa. Je, mtoto alidungwa sindano ya vitamini K alipozaliwa? Ilikuwa imeandikwa kwenye kitabu cha kliniki. Ukoo wenu una watu wanaotoka damu isiyokoma? Nilisema sijui. Akageuza swali: "Kaka zako walipotahiriwa, kuna aliyevuja damu kupita wenzake? Na wewe ukijifungua?" Hapo nikamjibu bila kusita, maana kwetu Kakamega tohara ya mvulana haisahauliki. Mtoto mchanga ambaye hakupata vitamini K, hasa aliyezaliwa nyumbani, anaweza kuvuja damu kwa mkato mdogo tu, kwa hiyo madaktari humdunga kwanza. Kisha akanieleza nini kinaweza kwenda mrama: damu, maambukizi, kuumiza vijitundu vya mate vilivyo kando ya kiuzi, kidonda kujishika upya, na lile ambalo wengi hawalisemi, kwamba tunaweza kukata na kunyonya kusibadilike. Nilitia sahihi mkono ukitetemeka.

Kukata kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kumfunga shuka. Walimkunja mikono ndani kama sambusa, sista akashika kichwa kwa viganja viwili. Daktari akainua ulimi kwa kifaa cha chuma chenye mpasuko katikati, kiuzi kikakaa kwenye mpasuko huo kimenyooka, chembamba, taa ikipenya ndani yake. Mkasi ulikuwa na ncha butu. Mkato mmoja, kama milimita tatu au nne, kisha wa pili mdogo zaidi. Hakupigwa ganzi, umri huo, kiuzi chembamba hivyo, mara nyingi hawapigi. Alilia, ingawa alikuwa ameshaanza kulia tangu alipofungwa shuka. Kitambaa cheupe cha kubana kilitoka na doa la damu lisilozidi sarafu ya shilingi kumi. Akanipa mtoto, akasema nimweke kwenye titi hapo hapo, kwa sababu kunyonya kwenyewe kunabana kidonda na kunamtuliza.

Natamani niandike kwamba mbingu zilifunguka. Kilichotokea ni kwamba mfyonzo wa kwanza haukuniuma. Nilikaa nimekaza mabega nikisubiri, maumivu hayakuja, nikaangua kicheko mbele ya daktari. Lakini mtoto mwenyewe hakujua la kufanya na ulimi wake mpya. Alinyonya dakika mbili vizuri, akarudi kutafuna, akanyonya tena. Ilimchukua karibu wiki kuacha tabia ya zamani, na wiki hiyo yote kikombe hakikuondoka mezani. Nilipunguza kidogo kidogo kadiri nepi zilivyoongezeka.

Siku ya pili mama mkwe aliniita kwa sauti ya hofu. Chini ya ulimi kulikuwa na doa jeupe lenye manjano, lenye pembe nne. Alidhani ni usaha. Bahati sista alikuwa amenitahadharisha: ndivyo kidonda cha mdomoni kinavyopona, na doa hilo huisha ndani ya wiki moja au mbili. La kukimbilia hospitali ni damu isiyokoma baada ya kubana kwa kitambaa safi dakika kadhaa, homa, au mtoto kukataa kabisa kunyonya. Wapo wanaoambiwa wasugue kidonda mara kadhaa kwa siku kisijishike tena. Daktari wangu hakuniambia hivyo. Alisema haijathibitika kama inasaidia, na mtoto anayechokonolewa mdomoni kila saa anaweza kuanza kukataa chochote kinachokaribia mdomo wake, hata titi.

Alikatwa siku ya 17. Siku ya 24 mzani ulisoma 3.25. Siku ya chanjo ya wiki sita ulikuwa 3.9, bila kikombe. Mtoto wa umri huo akiongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku yuko sawa, na wangu alikuwa amepita hapo.

Kama hadithi ingeishia hapa ningekuwa nawadanganya, kwa sababu miezi saba baadaye dada yangu mdogo alijifungua Kakamega. Siku ya nne alinitumia picha: binti yake analia, na chini ya ulimi kiuzi kile kile, ncha ina umbo la kopa vile vile. Nami kwa ujuzi wangu mpya nikamwambia akakatwe haraka. Namshukuru sista aliyemwona kwa kutonisikiliza.

Mtoto alikuwa amepungua siku za kwanza na tayari anapanda. Nepi saba, choo cha manjano. Dada alikuwa akiumia sekunde chache za mwanzo tu, na chuchu ilitoka ya mviringo. Kiuzi chake, ingawa kilionekana, kilikuwa laini na kinavutika, ulimi ukafika kwenye mdomo wa chini na kufunika ufizi. Sista alirekebisha ukaaji, akamwita tena baada ya siku tatu, maumivu yakawa yamekwisha. Hawakukata. Dada alinipigia simu akiwa na wasiwasi, nyanya zetu walikuwa wameshamwambia mtoto huyo hatatamka "r". Kumkata mchanga ili baadaye aseme vizuri hakuna ushahidi wa kutosha unaokuunga mkono. Ikiwa shida ya kusema itatokea, itaonekana na kushughulikiwa wakati wake.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa aibu kidogo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, shirika linalochambua kwa pamoja tafiti za afya, yalikusanya majaribio matano tu, yenye watoto 302 kwa jumla. Yalikuta kwamba kukata kunampunguzia mama maumivu ya chuchu kwa muda mfupi. Lakini upande wa mtoto kunyonya vizuri zaidi, matokeo hayakukubaliana. Mwaka 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ripoti kikionya kwamba watoto wengi kule wanakatwa bila sababu, wengine kwa mionzi ya leza kwa bei kubwa, ilhali haijaonyeshwa kuwa leza inashinda mkasi. Sisi huku tatizo letu mara nyingi ni kinyume: mama anaambiwa maziwa ni mepesi na hakuna anayeangalia mdomoni. Lakini nilipokuwa nikimsukuma dada yangu kwenye mkasi kwa kuangalia picha, nilikuwa nimefanya kosa la yule mhudumu wa kwanza, nimehukumu bila kuona mtoto akinyonya.

Nimejiuliza pia kama wangu angepona bila kukatwa, kwa kikombe na muda tu. Mdomo hukua, kiuzi wakati mwingine hulegea. Labda. Lakini kidonda changu cha kushoto kisingengoja.

Binti wa dada sasa ana mwaka na nusu. Ukimwambia atoe ulimi, ncha bado inagawanyika katikati. Desemba tulipokwenda nyumbani alikuwa ameketi jikoni kwa nyanya, mwiko mkononi, akilamba ugali ulioganda mpaka mti ukabaki mweupe.